Slaidi Iliyofichwa

Mkurugenzi Dereje, ambaye ofisini aliitwa Gashe kwa heshima ya umri wake, alikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa: "Badilisha tarehe." Ndivyo alivyomwambia Tiruwork siku alipomrushia wasilisho la zamani, lile walilowaonyesha wafadhili miaka mitatu nyuma, kuhusu manyanyaso ya wanawake katika mashamba ya maua.

"Sasa tunakwenda kufundisha kwenye shamba la maua la Holeta," alisema. "Mameneja wa shamba lenyewe. Badilisha tarehe, weka nembo yao, tumemaliza."

"Gashe, wafadhili ni watu wengine na mameneja ni watu wengine."

"Macho yote ni macho, binti yangu."

Tiruwork hakubishana. Ofisi yao ndogo ya ushauri pale mtaa wa Kazanchis, jijini Addis, ilikuwa na watu wa kubishana wa kutosha, na wa kusoma walikuwa wachache. Alikaa na kahawa yake ya makiato akapitia slaidi moja baada ya nyingine, na kila palipomtia shaka akabandika maoni pembeni, ndani ya faili lenyewe, ili mkurugenzi asije akasema hakuona.

Yaliyopitwa na wakati yalikuwa mepesi. Mishahara iliyoandikwa ilikuwa ya enzi ambazo birr bado ilinunua kitu. Sheria iliyotajwa ilikuwa imekwisha kubadilishwa, na mfadhili mmoja aliyeshukuriwa kwa herufi kubwa alikuwa amefunga ofisi na kurudi kwao. Halafu kukawa na siri ya watu: jedwali la gharama za shamba jingine, mshindani wa Holeta, lililoachwa humo kwa uzembe. Akaandika: "Hii ni mali ya mteja mwingine. Iondolewe."

Kisha akafika kwenye slaidi ya ushuhuda.

"Msimamizi hunishika kwenye chumba cha baridi. Nikimkatalia, ananikata siku za kazi. Nina mapacha, nitakwenda wapi?" Chini yake: mfungaji wa maua, shamba moja nje ya Addis. Jina halikuwepo. Shamba halikutajwa. Lakini Tiruwork alikuwa ameyapokea maneno yale kwa masikio yake, nyumbani kwa Zenebech, huku mapacha wakigombania kipande cha injera. Alimwapia mama yule kwamba msimamizi hatayasikia kamwe. Yule msimamizi bado alikuwa kazini Holeta, tena alikuwa amepandishwa cheo. Naye Zenebech bado alikuwa akifunga waridi kwenye chumba kilekile, na ujira ule ndio uliolisha nyumba nzima.

Basi akaandika kwa hasira, na hasira haina breki: "IFUTWE. Kuondoa jina hakutoshi. Huyu ni wa chumba cha baridi cha Holeta, zamu ya alfajiri. Wanawake pale ni wachache na mwenye mapacha ni mmoja tu. Wakiisoma watamjua na watamfukuza."

Dereje alilisoma jedwali la mshindani kwanza. Akalifuta palepale, jasho likimtoka, kwa sababu mshindani alikuwa na mwanasheria.

"Na ushuhuda?" Tiruwork aliuliza.

"Nimeuficha."

"Kuficha si kufuta, Gashe. Ukificha slaidi, ukutani haionekani, lakini kwenye faili imo."

"Ile ndiyo inayowaliza wafadhili! Mwezi ujao ninaihitaji tena. Nikifuta, utaniandikia wewe nyingine?"

"Basi weka nakala mbili. Kwenye hii ya Holeta slaidi ifutwe, na wakitaka kubaki na wasilisho, wapewe PDF, bila maoni yangu."

"Nakala mbili, nakala tatu, mwishowe hatujui ipi ni ipi." Akacheka. "Tiru, wewe ukiolewa mumeo atakuwa anaomba kibali hata cha kukohoa. Nitafuta kabla ya kuwapa, haya?"

Tiruwork akaridhika. Hapo ndipo namlaumu, ingawa nampenda: ahadi ya mtu mvivu si kitu cha kulalia.

Mafunzo yalikwenda vizuri mno. Dereje alikuwa na ulimi wa asali, mameneja walicheka panapochekesha na kutikisa vichwa panapohuzunisha, na slaidi ile ilirukwa, haikuonekana hata kwa kufumba na kufumbua. Msimamizi aliyepandishwa cheo alikaa mstari wa mbele akiandika maelezo kama mwanafunzi mwema. Tiruwork alimtazama, moyoni akamshukuru Mungu. Walipoaga, kila mmoja alipewa fungu la waridi.

Wiki iliyofuata meneja wa rasilimali watu akapiga simu: wangependa wasilisho lenyewe, wawafundishe wengine, tena la kuweza kubadilishwa. Dereje alikuwa kwenye foleni ya magari. Akalituma kutoka kwenye simu yake, akaendelea kupiga honi.

Zenebech alikuja ofisini asubuhi ya siku ya mfungo, amejitanda netela nyeupe mpaka kwenye nyusi. Tiruwork alipomwona mlangoni alijua kabla hajaambiwa.

"Etiye, dada yangu, karibu, keti."

"Nimeketi sana tangu juzi, mdogo wangu. Sina kazi ya kunisimamisha." Sauti yake haikuwa na machozi. "Wamenifukuza. Wanasema nimechafua jina la shamba. Wengine wanasema nilimtaka mwenyewe yule mwanamume. Hata mama mwenye nyumba ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni."

Tiruwork alimwachia kiti akaingia kwa mkurugenzi bila kubisha.

"Fungua ulichowatumia Holeta."

Dereje akafungua. Slaidi ilikuwepo, imefifia kwenye orodha ya kushoto, namba yake imepigwa mstari. Na pembeni yake, kwenye kisanduku, yalikuwepo maneno yote, kuanzia IFUTWE hadi watamfukuza, na juu yake jina: Tiruwork.

Mzee yule akavua miwani. Kisha uso wake ukakunjuka.

"Lakini tazama," alisema polepole. "Hii inatulinda. Mtu akituuliza, tunaonyesha kwamba hatari tuliitambua, tena kwa maandishi. Umefanya kazi nzuri sana, Tiru. Usiifute sasa."

Tiruwork alitamani kumtemea mate. Hakutema. Alitoka, kwa sababu nje kulikuwa na mtu aliyestahili jibu.

Zenebech hakujua kusoma, lakini kichwa chake kilishika neno kama gundi.

"Walinisomea," alisema. "Maneno ya kwanza, ya chumba cha baridi na ya kukatwa siku, hayo ni yangu. Nilikuambia. Nikatulia, maana yangeweza kuwa ya mwanamke yeyote, sote tunashikwa. Nikawaambia hivyohivyo, mnajuaje ni mimi? Ndipo wakanisomea mengine. Zamu ya alfajiri. Mwenye mapacha ni mmoja tu. Hayo sikuyasema mimi. Nani aliyasema?"

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wale wa Holeta waliambiwa, tena wakaelekezwa mlango.

"Mimi," alisema Tiruwork. "Niliandika ili maneno yako yafutwe, Etiye. Ili nikukinge."

Zenebech akakaza netela yake kidevuni. Akainuka.

"Kumbe walikuwa hawanijui," alisema, akatoka.