Tone Moja kwa Kila Kuku

Kama kulikuwa na mtu mtaa mzima wa Kaloleni, Nairobi, ambaye angeweza kuishuku hata mvua kwamba imetumwa na kanjo, wale askari wa baraza la jiji, mtu huyo alikuwa mzee Shiundu. Alifanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja, akastaafu na saa ya mkononi na shaka zake zote. Truphena, mkewe, alikuwa amezizoea shaka hizo kama mtu anavyozoea mwenziwe anayekoroma. Lakini wiki ile ya Oktoba alizichoka, na alizichoka kwa haki.

Jumanne alasiri binti mmoja aliyevaa koti la kijani na gamubuti alipiga hodi. Alikuwa Kavinya, afisa wa mifugo.

"Shikamoo mama. Nimepita kuwakumbusha," alisema, akampa nusu karatasi iliyopigwa chapa.

Truphena aliisoma pale pale mlangoni, akiisogeza mbali na macho kwa kuwa miwani ilikuwa imevunjika mkono:

MNAKUMBUSHWA. Siku ya chanjo ya mifugo ni Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1995, saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, uwanja wa ukumbi wa Kaloleni. Kuku, wakubwa na vifaranga: chanjo ya kideri, shilingi mbili kila mmoja. Mbuzi: homa ya mapafu, shilingi kumi. Mbwa wa miezi mitatu na zaidi: kichaa cha mbwa, bure. Mnyama mgonjwa asiletwe. Kuku waletwe ndani ya vikapu, wasiachwe chini. Mwenye mifugo ataandikisha jina na nambari ya nyumba.

"Kideri!" Truphena alisema, na mkono ukamwenda kifuani wenyewe.

Alikuwa na sababu. Agosti ya mwaka uliopita kideri kilipita mtaani, na kwa siku nne tu kikafagia kuku wake wote ishirini na wawili. Walianza kusinzia, wakahara kijani, wakapinda shingo wakitazama mbinguni kana kwamba wanaulizia kitu huko. Truphena alikwenda kwao Maragoli mikono mitupu, na mamake, mwanamke mkongwe asiyeona vizuri, akapapasa kwenye banda lake akamtolea mtetea mmoja wa madoadoa. "Haya, anza tena," alimwambia. Aprili mama huyo akafa. Mtetea alikuwa sasa kuku mama, na kila kuku aliyekuwa akiparura nyuma ya nyumba ya Truphena alikuwa ametoka tumboni mwake. Kumi na sita, pamoja na mama yao. Kule nyumbani banda lilishabomolewa, na hapakuwa na mahali pengine popote pa kuipata mbegu ile.

Shiundu aliisoma karatasi mara mbili, kisha akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu kimefichwa.

"Jina na nambari ya nyumba," alisema. "Umeona, Mama Wekulo?"

"Nimeona kideri, Baba Wekulo."

"Nyumba ni ya baraza la jiji. Sheria ya jiji inakataza mifugo. Sasa serikali inakuambia kusanya mifugo yako yote mahali pamoja, saa fulani, halafu utaje nyumba unayokaa. Ebo! Hata panya hatiwi mtegoni kirahisi hivyo."

Msimwone mjinga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na miaka miwili kabla askari wa kanjo walikuwa wameingia mtaani alfajiri wakaondoka na mbuzi saba kwenye lori. Kwa hivyo majirani walimsikiliza Shiundu. Kila alipokaa kwenye benchi lake karibu na bomba aliwaeleza, na kila aliyekwenda kuchota maji alirudi na ndoo ya maji na ndoo ya hofu.

Truphena hakubishana naye tena. Alishaamua. Ijumaa jioni alitoa kikapu kikubwa, akakitandika majani makavu, akalala.

Alipoamka Jumamosi, upande wa Shiundu kitandani ulikuwa mtupu, kikapu hakipo, na banda liko wazi. Hakuna kuku hata mmoja. Truphena alisimama pale na kanga yake ya kulalia, akatamka jina la mumewe kwa namna ambayo jirani yake alifunga dirisha.

Alijifunga leso kichwani akaenda uwanjani, bila kuku, hasira tupu. Alimkuta Kavinya ameketi mezani peke yake na sanduku lake la barafu, na mbele yake mteja mmoja tu, jirani aitwaye Andati, na mbwa wake aliyekuwa ameshachomwa sindano na sasa anamlamba Andati viatu. Madirisha yote yaliyotazama uwanja yalikuwa na macho nyuma ya pazia.

"Binti yangu, niambie kweli kama mamako," Truphena alisema. "Wewe ni wa kanjo?"

Kavinya akacheka, kisha akaona kwamba si jambo la kucheka. "Hapana, mama. Mimi ni wa idara ya mifugo. Jina naliandika kwa sababu chanjo hii ya kuku inarudiwa baada ya miezi minne, na nikikosa jina nitamkumbusha nani?" Alifungua sanduku akaonyesha kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. "Shida yangu ni hii. Chupa moja inatosha kuku mia. Nikishaichanganya na maji yake, ukipita muda wa saa mbili haifai tena, ni ya kumwaga. Siwezi kuifungua kwa kuku watano. Na nimesikia kideri kimeshaingia mtaa wa jirani. Chanjo inachukua kama wiki mbili kushika, na kuku aliyekwisha kuugua haimponyi. Saa sita nafunga, mama. Zamu nyingine huku ni mwakani."

Sasa hesabu ya Truphena ikawa mbaya zaidi. Hata akiwapata kuku wake, kumi na sita si mia. Alitazama yale mapazia, na nusura alie hadharani.

Lakini Shiundu alikuwa na rafiki mmoja tu Nairobi hii aliyemwamini, Munyoki, fundi seremala wa Gikomba. Truphena akashika njia. Alipita Shauri Moyo kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzima moto, akaingia Gikomba, akapenya kati ya mikokoteni na marobota ya mitumba, vijana wakimwita, "Mathe, karibu sweta!" Wala hakugeuka.

Munyoki alipomwona aliweka randa chini. "Shemeji," alisema, "mimi simo." Akaelekeza kidole.

Pale nyuma, mbele ya kabati jipya la nguo ambalo halijapakwa vanishi, Shiundu alikuwa amekaa juu ya kigoda akilinda. Mlango wa kabati ulikuwa umeachwa wazi kidogo kwa kipande cha mbao ili hewa ipite. Ndani, kwenye rafu za mashati ya mtu fulani, kuku kumi na sita walikuwa wamejipanga, na yule wa madoadoa alikuwa rafu ya juu. Shiundu alikuwa akimlisha mtama, punje moja moja, kwenye kiganja.

Truphena alikuwa amekuja na maneno mengi, mengine hayafai kuandikwa. Kuona vile yakampotea nusu.

"Baba Wekulo, wewe ni mtu wa aina gani?"

Shiundu hakuinua kichwa. "Mwaka jana," alisema polepole, "kuku walipokufa, ulikaa jikoni siku tatu hujapika, hujaongea. Na wale walikuwa kuku tu. Huyu ni wa mamako. Wakija wakimtia kwenye lori lao, nitakwambia nini mimi? Nitakuletea kuku gani mwingine? Nikaona heri nimwibe mimi kabla hawajamwiba wao."

Haya basi. Mtu unataka kumrarua, naye anakwambia neno kama hilo. Truphena alikaa chini kwenye maranda, akavuta pumzi, na upendo na hasira vikamjia pamoja hata asijue aanze na kipi. Akaanza na upendo, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi.

"Kanjo akimchukua, nitalia," alisema. "Lakini huenda asije. Kideri kimeshafika mtaa wa pili, hicho hakina huenda. Nimeongea na yule binti. Nimemtazama machoni. Hafungui chupa mpaka watu waje, na watu hawaji kwa sababu yako wewe, na lile benchi lako. Ukimficha leo, utakuwa umempa kideri kwa mkono wako mwenyewe."

Shiundu alimtazama kuku. Kuku naye akamdonoa kiganja, akitaka mtama zaidi. Mzee akasimama, magoti yakilia.

"Munyoki, lete kile kikapu."

"Tuwafunike?" Munyoki aliuliza.

"Usiwafunike," Truphena akajibu kabla ya mumewe. "Nataka waonekane."

Walirudi Kaloleni saa tano kasorobo. Truphena hakumwachia njia ya uchochoroni. Alimpitisha mumewe katikati ya mtaa, kikapu begani, shingo kumi na sita zikichungulia na jogoo mmoja akiwika bila haya. Pazia la kwanza likafunguka. Mtu akauliza, "Si huyo ni Shiundu?" Na mwingine, "Shiundu mwenyewe? Na kuku mchana kweupe?" Kama ni Truphena peke yake angepita, wangesema mwanamke amedanganywa. Lakini Shiundu! Mtu asiyeamini hata kalenda! Watu walisema, kama huyu ameridhika, basi hakuna lori. Kabla hawajafika kwenye ukumbi, nyuma yao kulikuwa na vikapu, makatoni, ndoo, beberu mwenye hasira, na mama mmoja aliyebeba vifaranga ndani ya sufuria.

Kavinya alihesabu kwa macho, akapumua, akafungua chupa.

Wa kwanza alikuwa yule wa madoadoa. Shiundu mwenyewe alimshika, mikono ile mikubwa ya reli ikimkumbatia mabawa, Kavinya akamgeuza kichwa upande na kumdondoshea tone moja jichoni. Kuku akapepesa jicho, basi, kumekwisha. Truphena machozi yalimtoka waziwazi na hakuyafuta.

"Jina la mwenye kuku?" Kavinya aliuliza, daftari wazi.

Truphena alifungua kinywa, lakini Shiundu akamtangulia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetia mkono shimoni bila kujua mna nini. Bado alikuwa anaogopa. Truphena alimjua, aliona mshipa wa shingo ukicheza.

"Andika Shiundu," alisema kwa sauti ya kusikika na uwanja mzima, akataja na nambari ya nyumba.

"Kuku ni wako, mzee?"

"Kuku ni wa huyu mama, naye alipewa na mamake. Jina ndilo langu. Wakija kuuliza, waje waniulize mimi."