Mgeni wa Zainabu

Hafidha aliamka amechoka, na hilo halikuwa jambo geni. Alimwogesha baba yake, akamfunga vifungo vya kanzu, akamtafutia kofia ambayo mzee mwenyewe alikuwa ameivaa tayari, kisha akamwongoza mpaka ukumbi wa madrasa, hatua chache tu kutoka mlangoni kwao. Mvua ilinyesha usiku kucha huko juu, na ukungu ulikuwa bado umelala mlimani. Njia ilikuwa tope tupu. Sheikh Abdulatif akasimama katikati ya tope hilo na kumuuliza leo ni siku gani.

"Leo unamsikiliza Shamsia, baba. Yule wa Mkuyuni."

"Najua," akasema mzee kwa ukali kidogo. Hafidha akajua kwamba hajui.

Karibu mwaka mzima sasa alikuwa akimfichia usahaulifu wake. Alianza na mambo madogo, jina la mwanafunzi hapa, tarehe pale, mpaka ikawa kazi ya kutwa. Darasani alikaa pembeni ya mzee, akikohoa pale panapotakiwa kukohoa, akidakia sentensi iliyokatika kana kwamba ndivyo walivyopanga. Wanafunzi walidhani Hafidha, ustadha wao, ana kifua. Wazazi walizidi kuleta watoto kwa sababu ya jina la Sheikh Abdulatif, mwalimu wa nahau, sarufi ya Kiarabu, ambaye nusu ya maustadhi wa mkoa walikuwa wamekaa mbele yake. Hafidha hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba jina hilo sasa analibeba peke yake, na kwamba limemchosha mpaka mifupa.

Shamsia alikuwa tayari amekaa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa. Nyuma yake wanafunzi wa kike walijaa hadi ukutani. Mlangoni alikaa Bi Semeni, mama wa makamo aliyeshuka kutoka Mkuyuni na mkungu wa ndizi na maneno mengi. Yeye ndiye aliyetumwa na akina mama wa huko kuja kumchukua mwalimu wao. Walikwishapata chumba, walikwishanunua mikeka, kilichobaki ni Sheikh kumpa Shamsia idhini ya kufundisha.

"Dada Hafidha," Bi Semeni alimnong'oneza wakati wa kusalimiana, "mume wake kasema hii ndiyo mara ya mwisho. Akirudishwa leo, hamruhusu tena kuja mjini. Mwaka jana alikatiza masomo kwa homa, mwaka juzi kwa ujauzito. Kasema nahau gani hii isiyoisha."

"Atafaulu," Hafidha akajibu.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Shamsia alikuwa ndiye mwanafunzi bora aliyepata kumfundisha. Tena ubeti wa mtihani aliuchagua Hafidha mwenyewe, nao ulikuwa wa mzee, aliouandika ujanani, mwaka alipooa. Aliwaza kwamba hata mzee akisahau njia ya chooni, ubeti wake mwenyewe hawezi kuusahau. Alijiona mjanja kweli.

Mtihani wa mzee ulikuwa na desturi yake, na desturi hiyo iliogopwa hadi Turiani. Mwanafunzi husoma ubeti, kisha huueleza neno kwa neno: hili limefanya kazi gani, lina irabu gani mwishoni na kwa nini. Akipatia, Sheikh husema, "Endelea." Akikosea, husema, "Rudi," naye hurudia. "Rudi" ya tatu maana yake ni kurudi nyumbani. Hakuna anayeruhusiwa kusema wakati huo ila wao wawili, hata nyumba ikiungua.

Shamsia akasoma kwa sauti iliyotulia:

"*Akramtu dhayfa Zaynaba l-karīmati.*"

Nimemkirimu mgeni wa Zainabu, mkarimu yule. Zainabu alikuwa mama yake Hafidha. Nyumba yake haikukosa mgeni, na wasichana wa milimani waliokuja kusoma walilala kwake bila kuulizwa watakaa mpaka lini. Alikuwa amefariki miaka kadhaa sasa.

"*Akramtu*," Shamsia akaanza, "kitendo na mtendaji wake: nimekirimu."

"Endelea."

"*Dhayfa*, mgeni, ni mtendwa, ana fat-ha mwishoni. Hana tanwini kwa sababu ameunganishwa na jina linalofuata."

"Endelea."

"*Zaynaba*, ndiye mwenye mgeni. Mahali pake ni pa kasra, ila amevaa fat-ha badala yake, kwa kuwa ni katika yale majina yaliyonyimwa."

Majina yaliyonyimwa ndiyo jina lao la mtaani hapo madrasa. Majina mengi ya Kiarabu hupewa irabu tatu mwishoni, kila moja kwa kazi yake: u kwa mtendaji, a, yaani fat-ha, kwa mtendwa, i, yaani kasra, kwa mwenye kitu, na juu yake tanwini, ile sauti ya n. Haya, mengi ya wanawake yakiwemo, hunyimwa tanwini na hunyimwa kasra. Fat-ha moja huhangaika kufanya kazi mbili. Ndiyo maana huwaponza wanafunzi. Mtu huona fat-ha, akadhani ni ile ya mtendwa, na ubeti mzima ukageuka. Hafidha alijifunza hilo akiwa mdogo, kwa mdomo wa mzee huyu huyu.

Alisubiri neno "endelea". Halikuja.

"Rudi," akasema Sheikh Abdulatif.

Shamsia akashtuka kidogo, akarudia vile vile, polepole zaidi.

"Umesikia fat-ha au hukuisikia?" mzee akauliza.

"Nimeisikia, sheikh."

"Basi Zainabu ni mtendwa pia. Ndiye huyo huyo mgeni. Nimemkirimu mgeni, Zainabu. Rudi!"

Hafidha alikohoa, mzee hata hakugeuka. Akakohoa tena, kwa nguvu, na msichana mmoja akampitishia maji. Kosa lenyewe lilikuwa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Kama Zainabu angekuwa ndiye mgeni, neno la kabla yake lingekuwa *dhayfan*, na sifa yake ingekuwa *l-karīmata*. Kasra ile ya *l-karīmati* ilikuwa inapiga kelele peke yake: ninamfuata mtu aliyenyimwa kasra, mimi sikunyimwa kwa kuwa ni sifa, si jina la mtu. Shamsia alilijua hilo. Lilionekana usoni kwake kwamba analijua, na kwamba hajui alifanyie nini.

Angeweza kusema alivyotaka mzee. Angesema, "Ni mtendwa, sheikh," akapata "endelea" yake na kwenda zake Mkuyuni. Hafidha, Mungu amsamehe, kwa dakika ile alitamani hivyo. Alichoka. Alitaka ukumbi ufungwe, mzee alale, siri ibaki siri hata siku moja zaidi.

"Sheikh," Shamsia akasema, machozi yakimlenga, "nikisema hivyo nitakwenda kuwafundisha hivyo wale akina mama."

Mzee akafumbua mdomo. "Rudi" ya tatu ilikuwa ulimini.

Hafidha akainuka. Hakupanga, miguu ndiyo iliyompeleka. Alikwenda mbele akakaa kwenye mkeka pembeni ya Shamsia, goti kwa goti, pale wanapokaa wanafunzi. Nyuma yao mtu akavuta pumzi. Desturi ilikuwa imevunjika mbele ya macho yao, tena imevunjwa na ustadha.

"Sheikh," akasema, kwa kuwa kwenye mkeka ule hakuna baba, "na mimi nimepotea hapo. Naomba tumwite Zaidi."

Kumwita Zaidi ilikuwa njia ya mzee mwenyewe. Ukilishuku jina, aliwafundisha, liondoe, umweke Zaidi, yule wa mifano ya vitabu vya nahau, mahali pake, kwa kuwa Zaidi hakunyimwa kitu, mwishoni mwake huonyesha kila kilichopo. Kisha usifikiri. Soma tu, uache ulimi useme.

"Zaidi," mzee akarudia. Uso ukalainika, kama wa mtu aliyesikia anaitwa na rafiki. Akafumba macho akasoma: "*Akramtu dhayfa Zaydin…*"

Akarudi nyuma neno moja.

"*Zaydin*," akasema tena, akaisikiliza kasra na nuni yake. Kidole kikawa kinapiga goti. "*Zaydin*. Amepewa kasra. Basi pale pana kasra." Akafumbua macho, akamtazama Shamsia kwa muda mrefu. "Mgeni si Zainabu. Mgeni ni wa Zainabu. Zainabu ndiye mwenye nyumba."

"Ndiyo, sheikh," akasema Shamsia.

"Naye alinyimwa tu."

"Alinyimwa, sheikh."

"Endelea!" akasema mzee, na sauti ilikuwa ile ya zamani, iliyofika hadi barabarani. Shamsia akamaliza neno la mwisho, akaeleza sifa inayomfuata Zainabu na kasra yake ya wazi, bila kujikwaa. Sheikh Abdulatif akanyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha msichana, juu ya mtandio, akatamka maneno ya idhini kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka hata moja, jina la mwalimu wake na la mwalimu wa mwalimu wake. Mlangoni Bi Semeni alipiga kigelegele, akakumbuka alipo, akajiziba mdomo.

Hafidha alihisi mabega yakimshuka. Imekwisha, akajiambia. Imepita, na hakuna aliyejua.

Ndipo mzee alipogeuka kuelekea mlango wa uani, akaita kwa furaha kubwa:

"Zainabu! Ee Zainabu! Mgeni wako amefaulu. Mletee chai kabla hajapanda mlima!"

Hakuna aliyecheka. Wasichana walitazamana, kisha wakamtazama Hafidha, na Hafidha akaona siri yake ya mwaka mzima ikipita kutoka uso hadi uso hadi ukutani. Nyumbani, mzee akimwita Zainabu hivyo, alikuwa na jibu lake. Mwanzoni alimwambia ukweli, mzee akalia upya kila mara kama msiba wa leo, kwa hiyo akajifunza kusema, "Ametoka kidogo, baba." Alitaka kulisema jibu hilo sasa. Badala yake yakatoka machozi, mengi, ya mtu aliyeyazuia muda mrefu, akalia pale pale kwenye mkeka mbele ya wanafunzi wake wote.

Mzee akainama kumtazama. Alimkagua uso kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mtoto wa watu.

"Na huyu binti analia nini?" akamuuliza Shamsia. "Naye nimemrudisha?"

Shamsia akaukamata mkono wa Hafidha, akaushika kwa nguvu.

"Hapana, sheikh," akasema. "Huyu alifaulu zamani."

"Basi asilie," akasema Sheikh Abdulatif. "Mwambieni akae hapa hapa. Zainabu hamwachi mgeni wake aondoke hivi hivi."

Bi Semeni alikuwa ameshainuka. Alipita katikati ya wasichana bila kuomba njia, akaenda zake uani kuwasha jiko.