Beti la Jina

Mume wangu Alois alipofariki, kaka yake Damas wa Goweko akawa ndiye msemaji wa binti yangu Tekla. Mwaka 1953 Tekla alikuwa na miaka kumi na sita na nafasi ya kujifunza ukunga pale hospitali ya Kitete, kwetu Tabora. Damas alikuwa amemtafutia mchumba tayari, mkulima wa tumbaku mwenye ng'ombe. Aliyemzuia ni mimi tu. Katekista Hilari alikataa kuandika majina ya wachumba kanisani mpaka mama mzazi atoe neno lake.

Sikutoa. Lakini nilitaka zaidi ya kukataa. Nilitaka Damas ayasikie maneno yake mwenyewe na aone haya. Mimi ni mwalimu, nina cheti changu, na mashairi nayaweza. Nikaandika shairi ambalo anayesema ndani yake ni baba anayemwoza binti yake. Sikumtukana hata mara moja. Nilimwachia aseme yote mwenyewe, ajisifu, na msomaji ndiye aone pengo kati ya maneno na matendo yake. Maneno mengi niliyachukua kinywani mwa Damas, na mengine kwa Tekla, aliyekuwa amekaa kwake likizo.

*Binti yangu nampenda, kama roho yangu ndani,*
*Amekua kama kinda, sasa manyoya mwilini,*
*Ng'ombe wangu wamekonda, wachache mno zizini,*
*Nampenda binti yangu, ndiyo maana namwoza.*

*Jana jioni kalia, nikajua kafurahi,*
*Chakula kakikimbia, haya za kike sahihi,*
*Vitabu nikavitia, motoni, akasabahi,*
*Nampenda binti yangu, ndiyo maana namwoza.*

Anasema anampenda, kisha mstari wa tatu anahesabu mifugo. Mtoto analia, yeye anaona furaha. Anachoma vitabu, na salamu ya asubuhi anaidhani shukrani. Niliona hakuna mtu wa kukosea maana hapo.

Nikalipeleka kwenye gazeti la mwezi la misheni. Mhariri akalirudisha: shairi zuri, ila halina beti la jina, na bila hilo hachapi. Alikuwa sahihi. Shairi la kwetu humalizika kwa mtunzi kujitaja. Nikakaa mezani, nikaongeza haraka, kabla ya kusahihisha madaftari ya darasa la tatu:

*Beti hapa namaliza, Eustadia mwandishi,*
*Ukweli nimeeleza, moyo sasa haubishi,*
*Aliye mbali na giza, yeye hili halitishi,*
*Nampenda binti yangu, ndiyo maana namwoza.*

Kwangu lile lilikuwa saini tu, kama muhuri.

Shairi likachapwa. Jumapili ya kikao cha posa nilishuka Goweko kwa treni, Tekla pembeni yangu. Uwanjani kwa Damas walikuwa wazee sita, na Hilari ameshika gazeti.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

"Marahaba, mama Tekla. Karibu, malenga wetu." Wazee wakacheka. "Hilari, wasomee."

Hilari akasoma kwa sauti ya kanisani. Nilimtazama Damas usoni. Kwenye ng'ombe alitikisa kichwa kukubali. Kwenye vitabu akasema, "Kweli kabisa. Nilivichoma, na kesho yake akanisabahi vizuri."

Kwenye jina langu wote wakageuka kunitazama.

"Basi mama ametoa neno," akasema Hilari. "Tena kwa maandishi."

"Anayesema humo si mimi," nikasema. "Ni mtu nimembuni. Nimemwachia ajifichue."

"Ni nani huyo? Mwite aje," akasema mzee mmoja.

"Ni baba. Mnamsikia anasema namwoza kwa sababu ya ng'ombe. Mama gani ana zizi?"

"Shemeji," akasema Damas, taratibu, kama anamweleza mtoto, "jina la nani hili? Eustadia. Na nani kasema moyo haubishi?"

"Mimi, lakini..."

"Unaona? Sasa usituchezee. Umeimba vizuri, umenitetea kuliko nilivyojitetea mwenyewe. Hata nilikuwa na wasiwasi kidogo kuhusu vile vitabu."

Nikamgeukia Hilari. Nikamweleza tena, beti kwa beti, kama ninavyofundisha. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwalimu, mtu akitia jina chini ya maneno, maneno ni yake. Nikianza kuuliza nani anasema ndani ya nani, sitaandika ndoa hata moja."

Akaandika. Matangazo matatu ya ndoa, Jumapili tatu.

Sikuruhusiwa kurudi Tabora na binti yangu. Tekla akanisindikiza hadi stesheni. Hakulia.

"Mama, mimi nilielewa tangu beti la kwanza," akasema. "Ni baba mkubwa kabisa, hata pua yake niliiona."

"Basi wewe peke yako."

"Sasa jina lako uliliweka kwa nini?"

Nikamwambia ndiyo desturi. Akaniomba kipande cha mkate wangu wa safari, ale njiani akirudi kwa Damas kwa miguu. Nikampa mkate wote. Treni ilipoondoka alikuwa amekwisha kunipa mgongo.