Tisa Si Namba Tasa

Katikati ya usaili wake, Huguette alipogeuka kutoka ubaoni, vidole vyeupe kwa chaki, Sharifah aliinamia mkoba wake kama mtu anayetafuta kitu. Hakuwa anatafuta chochote.

Nafasi ya msaidizi wa mhadhiri wa aljebra ilikuwa moja tu. Chuo kinachopata rangi ya kupaka geti kila muhula kilikosa nafasi ya pili, kikawapambanisha wasichana wawili waliogawana chapati za mtaa wa Wandegeya miaka mitatu. Sharifah alishahojiwa asubuhi, akaruhusiwa kukaa nyuma kusikiliza zamu ya mwenzake.

Jana mchana Huguette alimpa karatasi zake. “Dada, niangalizie.”

Alikuwa amechukua xᵖ − 1, p ikiwa namba tasa, akaigawanya kwa x − 1. Kisha akaweka x + 1 mahali pa x. Namba zote zinazotangulia x, isipokuwa ile ya kipeo kikubwa zaidi, zikagawanyika kwa p. Na ya mwisho ilikuwa p yenyewe, isiyogawanyika kwa p mara mbili. Basi polinomia ile haivunjiki kuwa polinomia ndogo zaidi, na mzizi wake unapanua namba wiano kwa digrii p − 1. Safi kabisa. Ila chini aliongeza: *vivyo hivyo kwa namba yoyote.*

Sharifah aliuona mstari ule. Akasema, “Iko sawa.”

Sasa Profesa Obwona, msaili, alikuwa ameegemea kiti. “Chukua tisa. Digrii ngapi?”

“Nane, Profesa.”

“Weka x + 1. Namba ya mwisho ni ipi?”

“Tisa.” Huguette akaishusha chaki. Tisa inagawanyika kwa tatu mara mbili.

“Hoja yako imekufa, mama. Lakini hilo halionyeshi kwamba polinomia inavunjika. Nani ataivunja?”

Huguette akamtazama Sharifah. Hakumlaumu, alikuwa anaomba msaada. Hapo ndipo palipomchoma.

Sharifah akaenda ubaoni, akaandika bila kusita: (x² + x + 1)(x⁶ + x³ + 1).

“Mzizi wa tisa ambao si mzizi wa tatu uko kwenye kipande cha pili, na hicho hakivunjiki. Digrii ni sita.”

“Umeandika kama mtu aliyetoka na jibu nyumbani,” Obwona akacheka.

“Nimetoka nalo jana. Huguette alinionyesha karatasi yenye kosa hili, nikamwambia iko sawa.”

Obwona akashika kalamu. “Hayo mtamalizana wenyewe. Sisi tunapima hesabu.”

Saa nane wakamtangaza Sharifah kuwa ndiye aliyepata nafasi. Akamkuta Huguette kwenye ngazi.

“Nitaikataa.”

“Ili iweje?” Huguette hakuinua sauti. “Wataleta mtu wa nje. Wewe utalala vizuri, na mimi nitabaki sina kazi. Ichukue.”

“Huguette, nisamehe.”

“Nimesema ichukue.”

Akashuka. Sharifah akabaki amesimama mpaka karani akamwita kwa jina lake lote, akaingia kusaini mkataba.