Mechi ya Saa Mbili

Watu hudhani timu ya mpira ni miguu. Wapi! Timu ni simu. Muulize Katibu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyekuwa na kibanda cha fotokopi karibu na kituo cha mafuta, akupe habari ya miaka tisa ya kuwakusanya wanaume ishirini na wawili ambao ukiwaambia Jumanne wanasikia Jumatano.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja na hakuuchezea. Mazoezi Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, mechi Jumamosi saa kumi. Likitokea badiliko, mwenye kiwanja anampigia yeye. Yeye anampigia kocha. Kocha akikubali, Katibu anawaarifu katibu wa wapinzani na ofisi ya ligi, kisha anaandika kwenye kundi la simu, na kila mchezaji anajibu "nipo" au "sipo". Anayenyamaza anapigiwa, na anayezima simu anafuatwa kwake. Wachezaji walimtania kwamba hata maiti angeiamsha iseme "nipo".

Kocha alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Alikuwa mjane, mstaafu, na hakuwa na kingine duniani zaidi ya ile timu. Na mwaka huo mjomba alianza kusahau. Mwanzoni vitu vidogo, jina la beki wa kushoto, mahali alipoweka filimbi. Kisha akatokea kiwanjani Jumatatu, amevaa kamili, akawagombeza watoto wa shule waliokuwa wakicheza pale kwamba wamechelewa mazoezi. Katibu alimkuta, akamwambia eti yeye ndiye aliyekosea kumpa siku, wakarudi nyumbani wakicheka. Mjomba alicheka kweli. Yeye alicheka kwa sababu hakujua afanye nini tena.

Hakumwambia mtu. Alianza kumpigia mara tatu kwa siku badala ya mara moja, na akawa anamkumbusha majina kabla ya kila mechi. Aliwajua vijana wake. Wangemheshimu mzee kwa wiki moja tu, halafu wangeanza kumwonea huruma, na huruma ingemwua mjomba kabla ya ugonjwa. Mradi simu zote zilipitia kwake, siri ilikuwa salama.

Lakini Jumatano moja umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi, na simu yake ikazima. Jumamosi ya wiki ile, asubuhi, akiwa anaanika nguo, iliita.

"Katibu, mko wapi?" Alikuwa mwenye kiwanja. "Ni saa mbili kasoro dakika tano. Wapinzani wanapasha misuli, refa yuko hapa. Kwenu naona mavumbi tu."

"Mechi si saa kumi?"

"Saa kumi ipi tena? Jioni nimekodisha kwa watu wengine. Si nilikuambieni Jumatano?"

Hakuuliza aliambiwa nani. Moyo ulishamjibu. Alipiga simu kama kichaa. Golikipa alikuwa kazini sokoni, mabeki wawili wamelala, mshambuliaji yuko safarini na atarudi mchana. Kanuni haina huruma: bila wachezaji saba uwanjani mechi haianzi, na refa anasubiri dakika kumi na tano. Walifika watano, mmoja na kandambili. Refa akatazama saa, akapuliza, akaandika kwamba wenyeji hawakufika. Lilikuwa kosa la pili msimu ule; la kwanza gari liliwaharibikia njiani wakienda ugenini. Kosa la pili adhabu yake ni kushushwa daraja.

Katibu alimvuta mwenye kiwanja pembeni, nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo.

"Nilikupigia hukupatikana," mwenye kiwanja alisema. "Nikampigia kocha. Akasema sawa, atawaambia. Wapinzani niliwaambia mwenyewe, maana wanafanya mazoezi hapa hapa, na katibu wao akapeleka habari ofisi ya ligi. Ligi nao wakampigia kocha kuthibitisha, akasema sawa tena. Kuna nini?"

"Mzee wangu, nakuomba. Ukiulizwa, sema uliniambia mimi."

"Uongo huu utakutokea puani, mwanangu," alisema mwenye kiwanja, lakini akakubali.

Kikao kilikuwa kesho yake, kwenye mabenchi ya kiwanjani. Nahodha, kijana mchomeleaji wa mageti asiyejua kupindisha maneno, alisimama na kuuliza swali lililowakaa wote kooni: nani alipewa habari akaikalia?

"Mimi," alisema Katibu. "Niliambiwa Jumatano. Nikasahau."

Kelele zilizozuka, we acha tu. Msimu mzima! Jasho la watu! Mmoja alisema labda alilipwa na wapinzani, na hakuna aliyemkanya. Kisha mjomba akanyanyuka, na wote wakanyamaza kama zamani. Alisimama wima, macho makali, sauti ya uwanjani. Siku hiyo hakusahau hata jina moja.

"Mimi nimemlea huyu," alisema. "Sikumlea hivi. Kazi ya katibu ni moja tu, kukumbuka. Asiyeweza kukumbuka akae pembeni, awe mpwa wangu, awe nani. Wanaotaka apumzike wanyooshe mikono."

Akaunyoosha wa kwake kwanza.

Katibu aliiona mikono yote, lakini ule mmoja ndio uliomkata maini. Alijiuliza, si ndicho alichokitaka? Mzee bado alikuwa kocha, bado aliogopwa. Alikwenda nyumbani na kulia hadi uso ukavimba.

Ukatibu ulimwangukia Nahodha, na Katibu akatolewa kwenye kundi. Wiki iliyofuata Nahodha aliyahamisha mazoezi ya Jumanne yawe Jumatano. Aliandika kwenye kundi, akampigia kocha mara moja, kocha akasema sawa. Nahodha akaridhika. Kwa nini asiridhike? Nani alimwambia kwamba "sawa" ya mzee haikuwa na kitu ndani yake?

Jumanne saa kumi na mbili kasoro simu ya Katibu iliita kibandani.

"Mwanangu, vijana wako hawajafika," mjomba alisema. "Niko hapa tangu saa kumi, mvua inaninyeshea. Wapigie."

"Mjomba, mimi si..."

"Wewe si ndiye katibu? Wapigie!"

Alifunga kibanda huku mteja akiwa bado na karatasi mkononi. Njiani alimpigia Nahodha, akamwambia yote, tangu ile Jumatatu ya watoto wa shule. Nahodha akasema, "Dada, sisi tungejua, tungekuwa tunamfuata nyumbani kwake kila mara. Ni kazi kubwa hiyo?" Katibu hakuwahi kufikiria kuwauliza.

Alimkuta mjomba katikati ya kiwanja, amelowa chapachapa, filimbi mkononi. Akamvika koti lake, akamshika mkono watoke.

"Hawa vijana wameharibika," mjomba alisema wakitembea. "Tangu yule mzembe atukoseshe mechi, hawana nidhamu. Ni nani vile? Aliyesahau kutuambia."

"Hata mimi simkumbuki, mjomba."

"Mlimfukuza?"

"Tulimfukuza."

"Vizuri," alisema mzee, akamkaza mkono wasiteleze kwenye tope. "Afadhali nina wewe."