Sauti Ambayo Mama Alitaka Ifutwe

Binti wa muuza mikate alipoweka simu yake mezani, mama yangu aliifunika kwa kitambaa kama anayefunika chakula kisiingiwe na nzi.

"Bibi, bado sijaanza kurekodi."

"Nani kasema umeanza? Naifundisha adabu mapema."

Ilikuwa kazi ya somo la historia: kila mwanafunzi amhoji mzee mmoja. Binti alimsomea mama karatasi ya ridhaa polepole. Anaweza kukataa swali, kusimama katikati, hata kuyaondoa maneno yake baadaye. Jina halitatajwa. Watakaosikiliza ni yeye na mwalimu tu, kisha maandishi yatabandikwa ukumbini siku ya wazazi.

Hapo nikamtazama mama. Mwenye nyumba wetu alikuwa mjumbe wa kamati ya wazazi, nami sikupenda asome habari zetu.

Nikamvuta mama jikoni. "Mtoto mwenye 'tafadhali' nyingi hivi ana anachokitafuta."

"Wewe hata maiti ungemshuku kuwa amejifanya," akanijibu, akarudi kukaa.

Ujanani mama alikuwa mshonaji kiwandani. Kiwanda kiliungua, na mkono wake wa kushoto ukabaki na vidole viwili. Hayo mtaa mzima uliyajua. Ambalo hakuwahi kulisema, hata kwangu, ni nani aliyefunga mlango wakiwa ndani.

Walianza na cherehani, na jinsi uzi ulivyokuwa ukikatika siku za joto. Mama alicheka. Walipofika kwenye moto akawa anafinyafinya pindo la nguo yake. Binti akasimamisha simu.

"Bibi, tupumzike? Tunaweza hata kuishia hapa."

Mimi nilidhani ni ujanja, kama wa mtu anayelegeza kamba ili mbuzi aje mwenyewe. Mama alikunywa maji. "Washa," akasema.

Akasimulia. Msimamizi alikuwa akiogopa vitambaa kuibwa, kwa hiyo alitia kufuli kwa nje, akaenda zake kula. Siku ya mazishi ya waliofia humo alilia kuliko wafiwa. Msimamizi huyo ndiye baba wa mwenye nyumba wetu. Nilisimama, nikafunga dirisha.

Juma lililofuata binti alirudi kumsomea mama alichoandika, kabla hajakikabidhi. Jina halikuwepo, wala la kiwanda. Nilianza kupumua. Kisha akasoma: "Hadi leo bibi huyu hushona kwa vidole viwili vya mkono wake wa kushoto."

"Umenivua jina, ukaniachia mkono," mama alisema. "Sasa nitembee mtaani na mkono wa nani?"

Binti akashusha karatasi. "Nimekosea, bibi. Nilidhani jina linatosha. Nitautoa mkono."

"Ukiutoa, bado kuna mlango. Tuliotoka humo ndani hatujazi hata benchi. Mwenye nyumba akisoma, kesho vyombo vyetu viko nje. Toa moto wote, acha cherehani. Na sauti ufute, yote."

Alifuta palepale, mama akitazama. Kisha binti akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mwalimu alikuwa na nakala ya akiba.

"Ahaa!" nikasema. "Si nilisema mimi?"

Kesho yake mwalimu alikuja na kompyuta yake, akaomba radhi kwamba nakala hiyo hatukuambiwa tangu mwanzo, akaifuta mbele yetu. Sikumwamini yeye pia.

Siku ya wazazi niliwahi ukumbini. Nilikuwa nikiusaka mkono katika kila mstari wa maandishi ya binti pale mwenye nyumba aliposimama kando yangu. Akasoma hadi mwisho, midomo ikichezacheza.

"Huyu mshonaji ni wa mtaa gani?"

"Sijui."

"Watu wa zamani walijua kazi," akasema, akasogea kwenye maandishi mengine ukutani.

Mama alifariki msimu wa baridi. Matanga yalipokwisha nilihama nyumba ile, na katika kupanga vyombo nikagundua kwamba nina picha zake nyingi lakini sina sauti yake hata kidogo. Nikaenda dukani kwa muuza mikate. Binti alikuwa peke yake.

"Najua ulibakisha," nikamwambia. "Nyinyi watoto hamfuti kitu. Sitakasirika."

"Shangazi, nilifuta."

"Hata pale alipocheka? Pale pa uzi?"

"Alisema yote, shangazi."

Nilimkazia macho kutafuta uongo, kama nilivyozoea. Safari hii nilikuwa naomba niupate. Haukuwepo. Machozi yakamlengalenga, akanifungia mkate nisiouagiza.

Ndiyo maana naandika, nisije nikausahau na mzaha wake. Lakini asije mtu kwetu kumtafuta mwenye vidole viwili. Nimeyabadilisha: mkono nilioandika hapa si wa mama, na kilichoungua hakikuwa kiwanda. Cherehani tu ndiyo yake. Hiyo aliiruhusu.