Jina la Mpokeaji

Alhamisi ndiyo alasiri yangu ya mapumziko. Siku nyingine zote niko kwa Señora Milagros, bibi mzee ninayemtunza huku ughaibuni, namlisha, namwogesha, nalala chumba cha pili, na hapaswi kuachwa peke yake. Basi Alhamisi ile nilikimbilia duka la simu na kutuma pesa pale mtaa wa Usera, kwa Yoselín anayehudumu dirishani.

Mama yangu alikuwa amelazwa nyumbani kwetu, Cochabamba. Moyo ulikuwa unasimamasimama, na daktari alitaka kifaa cha kuongoza mapigo. Kule familia ndiyo inayokinunua, hospitali haina. Yuro elfu moja na mia mbili.

"Pitisha benki, comisión, ile ada yetu, ni ndogo," Yoselín alisema. "Ila inachukua siku mbili."

"Siku mbili mama hana. Tuma za kuchukuliwa dirishani kwa wakala."

"Hizo dakika kumi tu. Comisión yuro tisa. Mpokeaji yule yule?"

"Yule yule."

Miaka kumi na moja nimekuwa nikijibu hivyo. Mpokeaji ni mama, kamwe si kaka yangu Limbert, aliyewahi kunywea pombe pesa za paa hadi bati la mwisho. Nilitazama salio la akaunti yangu kwenye simu: yuro arobaini zimebaki. Nikatuma namba ya malipo kwenye simu ya mama, nikajiona nimefanya la maana.

Saa mbili usiku nikimlisha Señora supu, Limbert alipiga. "Dada, wamenikatalia pesa hapa kwa wakala! Nimewapa kitambulisho cha mama, wanamtaka mwenyewe. Umeandika jina lake!"

Mama hangeweza kutoka wodini kwenda dirishani. Nilimpigia Yoselín.

"Kubadilisha jina inawezekana, shoga, lakini uje mwenyewe, na pasipoti na risiti."

Nikampigia Gonzalo, mtoto wa Señora, aje akae na mamake nusu saa tu.

"Kesho asubuhi, Nélida. Dunia haiishi leo."

Nilimchukia. Nikajichukia zaidi.

Alikuja saa nne asubuhi. Nilifika dukani natweta, nikatia sahihi, na jina la Limbert likaingia kwenye mashine kwa mara ya kwanza. Cochabamba ilikuwa bado alfajiri.

Risiti mpya ikiwa mkononi, simu iliita. Alikuwa jirani yetu Doña Felipa, aliyekesha na mama wodini. Alikuwa analia, "Mama yako ametutoka..." Sikumwacha amalize.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Yoselín aliniletea maji. Kisha simu ikaita tena. Limbert.

"Dada, nimelala hapa mlangoni pa wakala. Wa kwanza kwenye foleni! Wakifungua tu naruka hospitali. Sijanywa hata tone, nakuapia. Nisomee namba ya malipo."

Nilimsomea tarakimu zote kumi, polepole, na yeye akizirudia moja moja. Ndipo nikamwambia.